Troponini imepanda: usome moja, urudie baada ya saa 3, au usubiri saa 6?

Karatasi imetoka maabara, juu yake imeandikwa troponini, na pembeni kuna mshale unaoelekea juu. Ni saa tano usiku, wodi imejaa, na ndugu wa mgonjwa wamesimama mlangoni wakisubiri neno lako. Mkanganyiko unaanzia hapo. Utaiamini namba hiyo moja uanze dawa, utachukua damu nyingine baada ya saa 3, au utasubiri saa 6 nzima?

Nimefanya kazi za zamu katika mikoa ya kusini muda wa kutosha kuona njia zote tatu zikiokoa watu, na zote tatu zikipotosha. Kuna mama mmoja aliyenifundisha kwa gharama kubwa. Alikuwa na figo mbovu na troponini iliyopanda kidogo, nami nikaisoma namba moja tu na kusema ni shambulio la moyo. Nilimpa aspirini, klopidogreli na enoksaparini kwa kipimo cha mtu mwenye figo nzima. Siku ya tatu akaanza kupata choo cheusi. Enoksaparini hutolewa mwilini na figo, na figo zake hazikuwa zikitoa kitu. Alipona, lakini baada ya kuongezewa damu, na moyo wake haukuwa umeshambuliwa.

Ninayoyaandika hapa ni kwa wenzangu wa zamu: madaktari, matabibu, wauguzi na watu wa maabara. Hayamhusu mgonjwa ambaye kipimo chake cha umeme wa moyo kinaonyesha wazi mshipa ulioziba, ile mistari iliyonyanyuka. Huyo hasubiri troponini ya aina yoyote. Anatafuna aspirini miligramu 300 na mipango ya kufungua mshipa inaanza hapo hapo, kwani dawa ya kuyeyusha bonge hufaa zaidi kadiri inavyotolewa mapema, ndani ya saa 12 za mwanzo.

Vigezo vinne kabla ya kuchagua

Kigezo cha kwanza ni muda tangu maumivu yaanze. Troponini ni protini iliyo ndani ya seli za msuli wa moyo. Sehemu ndogo yake huelea kwenye majimaji ya seli, na sehemu kubwa imefungwa kwenye nyuzi zinazojikunja. Seli ikiumia, ile inayoelea hutoka kwanza, kisha iliyofungwa huachiliwa taratibu kadiri nyuzi zinavyovunjika. Ndiyo maana katika shambulio la moyo namba hupanda ndani ya saa chache, hufika kileleni kama saa 12 hadi 24 au zaidi kidogo, halafu hukawia kushuka: troponini I huweza kubaki juu siku 7 hadi 10, na T siku 10 hadi 14. Kwenye damu yenyewe troponini haidumu, nusu yake huondoka kwa takriban saa 2. Kinachoiweka juu siku zote hizo ni kidonda kinachoendelea kuvuja.

Cha pili ni aina ya kipimo mlicho nacho. Vipimo vyenye usikivu mkubwa huona mabadiliko ndani ya saa 1 hadi 3 tangu maumivu yaanze. Vile vya zamani huhitaji saa 3 hadi 6. Vipimo vya kaseti, vya kusoma mstari kama vile vya malaria, vingi huonyesha mstari namba ikifika 0.5 ng/mL, yaani 500 ng/L, kwa hiyo mstari usipotokea hujaambiwa mengi.

Cha tatu ni alichokuja nacho mgonjwa. Figo zilizochoka, moyo ulionenepa kwa presha ya miaka, au moyo unaoshindwa kusukuma damu, vyote huweza kuiweka troponini juu ya mpaka mwezi hadi mwezi bila mshipa wowote kuziba.

Cha nne ni kitanda na safari. Ukiwa Mtwara au Lindi, kumpeleka mtu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ni safari ndefu hadi Dar es Salaam. Kumzuia mtu saa 6 kwenye kitanda pekee cha dharura nako kuna gharama yake. Si vigezo vya kitabibu tu vinavyoamua, na tusijifanye kwamba ndivyo.

Namba zote za troponini T hapa chini ni za kipimo chenye usikivu mkubwa ambacho mpaka wake wa juu ni 14 ng/L. Maana yake ni kwamba kati ya watu 100 wenye afya, 99 wako chini ya hapo. Mashine yenu ikipima troponini I, mpaka ni mwingine kabisa na namba haziingiliani.

Njia ya kwanza: kipimo kimoja mgonjwa anapofika

*Kinachojibu.* Kipimo kimoja kinaeleza vizuri namba zilizo kwenye ncha. Mtu ambaye maumivu yake yalianza zaidi ya saa 3 zilizopita, kipimo cha umeme wa moyo hakina kasoro, na troponini T iko chini ya 5, uwezekano wa shambulio la moyo ni mdogo sana. Mnaweza kuanza kutafuta sababu nyingine. Upande wa pili, namba ya 52 kwenda juu kwa mtu mwenye maumivu ya kifua inatosha kumlaza.

*Kinapodanganya.* Kumlaza si kumpa jina la ugonjwa, na hapa ndipo wengi tunateleza. Chukua mama wa miaka 58 kutoka Tandahimba, ameletwa katikati ya msimu wa korosho. Kwa siku 4 anahema usiku, anahisi uzito kifuani, miguu imevimba. Presha ni 190/110, kreatinini 412 µmol/L, na kipimo cha umeme wa moyo kinaonyesha moyo ulionenepa upande wa kushoto pamoja na mawimbi yaliyopinduka. Troponini T ni 61. Ukisoma namba hiyo peke yake, amevuka 52, na kila kitu kinakuita uanze dawa za kuzimua damu. Mimi ndipo nilipoangukia.

Kipimo kimoja hudanganya pia kwa kuwahi mno. Dereva wa bodaboda wa Mikindani, miaka 46, amefika dakika 50 tangu kifua kianze kubana. Troponini ni 9, ndani ya mpaka. Nyuzi zake bado hazijaanza kuvunjika kiasi cha kuonekana. Ukimwambia aende nyumbani, umempima kabla ya kitu chenyewe kufika kwenye damu.

*Kinamfaa nani.* Anayefika saa nyingi baada ya maumivu kuanza, mwenye saa ya kuanza inayoeleweka, asiye na figo mbovu wala moyo mkubwa, na namba yake iko chini kabisa. Kundi hilo si dogo, na kwa kituo chenye vitendanishi vichache njia hii inaokoa mengi.

Njia ya pili: sasa, kisha baada ya saa 3

*Kinachojibu.* Vipimo viwili vinaonyesha mwendo, na mwendo ndio unaotenganisha jeraha la leo na jeraha la miaka. Kanuni inayotumika sana ni hii: namba ya kwanza ikiwa tayari imevuka mpaka, badiliko la zaidi ya asilimia 20 linaashiria jeraha jipya. Ikiwa ya kwanza ilikuwa chini ya mpaka, ya pili iwe imevuka mpaka na imepanda kwa zaidi ya nusu ya mpaka wenyewe, yaani zaidi ya 7 kwa mpaka wa 14.

Mrudie mama wa Tandahimba. Baada ya saa 3 troponini yake ni 64.

(64 − 61) ÷ 61 × 100 ≈ 5%

Hilo ni wimbi dogo la mashine na mwili. Jeraha lipo, kwa sababu 61 si namba ya moyo wenye afya, ila ni jeraha sugu: moyo uliobeba presha muda mrefu na figo zisizosafisha vizuri. Anachohitaji usiku huu ni frusemide, presha kushushwa kwa utaratibu, na baadaye eko ya moyo. Mwanawe atakuuliza, "Daktari, si yule wa mchana alisema ni shambulio la moyo?" Mjibu kwamba namba ilikuwa juu tangu kabla hajaja, na imekaa pale pale. Jibu hilo analielewa vizuri kuliko maelezo ya protini.

Yule dereva wa Mikindani baada ya saa 3 amefika 58. Amepanda kwa 49, wakati kinachotakiwa ni zaidi ya 7. Maumivu yake pamoja na mwendo huo vinatosha kumtibu kama shambulio la moyo hadi ithibitike vinginevyo.

*Kinapodanganya.* Kuna mtego ambao huku kusini tunakutana nao mara nyingi kuliko wenzetu wa mijini, nao ni wa aliyechelewa. Mzee wa miaka 63 kutoka Liwale alishikwa na maumivu juzi usiku, akapewa dawa ya vidonda vya tumbo, akapanda basi, na amefika kwako saa 40 baadaye. Troponini ya kwanza ni 1,850, na ya pili ni 1,790. Badiliko ni asilimia 3 tu. Kwa kanuni ya asilimia 20 utasema ni sugu kama ya yule mama, na utakosea vibaya. Mzee amepimwa karibu na kilele, pale mstari unapokaa tambarare kabla ya kuteremka. Mambo mawili yanamwokoa: ukubwa wa namba, kwa kuwa figo peke yake kwa kawaida haifikishi huko, na kipimo cha tatu kesho yake. Kikirudi 1,240, ameshuka kwa asilimia 33 toka namba ya kwanza, na kushuka ni mwendo pia. Kipimo chake cha umeme wa moyo nacho kina alama za kovu jipya sehemu ya chini ya moyo.

Mtego wa pili ni wa saa zenyewe, na sijauona ukiandikwa popote ingawa kila zamu ninaukuta. Muuguzi anaandika damu imechukuliwa "saa 2:10", kwa saa zetu, wakati mashine inachapa 08:10. Anayefuata anasoma 2:10 kama ya usiku wa manane kwa saa za kimataifa, anaona zimepita saa 6 kumbe zimepita dakika chache. Chagueni mfumo mmoja kwenye fomu ya troponini, na muandike saa ya kuchukua damu, si ya maabara kuipokea.

Mtego wa tatu ni kuhamisha mgonjwa katikati ya vipimo. Damu ya kwanza imepimwa wilayani kwa mashine ya troponini I, ya pili mkoani kwa mashine ya troponini T. Namba hizo mbili huwezi kuzitoa wala kuzigawanya. Anza upya na mashine moja.

*Kinamfaa nani.* Kituo chenye kipimo cha usikivu mkubwa, na mgonjwa ambaye namba yake ya kwanza iko katikati, au ana figo, presha au moyo uliochoka.

Njia ya tatu: sasa, kisha baada ya saa 6

*Kinachojibu.* Swali ni lile lile la mwendo, ila kwa mashine isiyosikia minong'ono. Kwa kipimo cha zamani cha troponini I chenye mpaka wa 0.04 ng/mL, namba za chini huyumba, na saa 3 hazitoshi kutofautisha kuyumba na kupanda. Baada ya saa 6 mambo huwa wazi: aliyeanza na 0.03 akafika 0.21 hana cha kubishaniwa. Kumbuka vipimo: 0.04 ng/mL ni sawa na 40 ng/L. Nimeona mtu akisoma 40 kama 40 ng/mL akashtuka pasipo sababu, na mwingine akisoma 0.4 akadhani ni ndogo.

*Kinapodanganya.* Saa 6 ni ndefu kwa mgonjwa anayezidi kuharibikiwa. Ikiwa maumivu hayaishi, rudia kipimo cha umeme wa moyo kila baada ya dakika 15 hadi 30 badala ya kukodolea macho saa ya ukutani. Na aliyechelewa kama mzee wa Liwale bado anaweza kuonekana tambarare hata kwa saa 6.

*Kinamfaa nani.* Kituo chenye mashine ndogo ya kando ya kitanda au kipimo cha zamani, na mtu asiyejua maumivu yalianza lini: aliyeamka nayo, mlevi, au mzee mwenye kisukari aliyeishiwa nguvu tu bila maumivu.

Ambacho njia zote tatu hazijibu

Hata upime mara ngapi, troponini haitakwambia kwa nini moyo umeumia. Mwendo wa kupanda unasema jeraha ni jipya, basi. Ili uliite shambulio la moyo unahitaji dalili za moyo kukosa damu: maumivu yenyewe, mabadiliko mapya kwenye kipimo cha umeme wa moyo, au sehemu ya ukuta wa moyo isiyocheza kwenye eko. Ufafanuzi wa kimataifa wa mwaka 2018 umesimama hapo, na umetenga pia shambulio la aina ya pili, ambapo mshipa haukuziba kwa bonge ila mahitaji ya moyo yamezidi damu inayoufikia.

Aina hiyo ya pili wodini kwetu si ngeni. Mgonjwa wa malaria kali mwenye himoglobini ya 4 na mapigo 140 anaweza kupandisha troponini vizuri kabisa. Dawa yake ni damu na kutibu malaria, na ukimwongezea dawa za kuzimua damu unamtafutia mengine. Hivyo hivyo kwa moyo unaokwenda mbio bila mpangilio, au mtu aliyeshuka presha kwa kuhara.

Wengine hawana tatizo la damu kufika moyoni hata kidogo. Kijana wa miaka 22, mafua wiki iliyopita, sasa kifua kinauma, troponini imetoka 820 hadi 1,140: fikiria msuli wa moyo uliovimba kwa virusi. Mama aliyejifungua wiki mbili zilizopita, anahema ghafla, mguu mmoja umevimba kuliko mwingine: fikiria bonge la damu lililokwenda kwenye mapafu na kuulemea upande wa kulia wa moyo. Miguu yote miwili ikiwa imevimba na hawezi kulala chali, fikiria moyo uliochoka kwa uzazi. Maambukizi makali ya damu na kiharusi navyo huiinua namba. Kwa hao wote eko, hata ile ya haraka inayofanywa kitandani, hueleza zaidi ya troponini ya tatu.

Halafu kuna namba ambayo haitoki moyoni. Ikiwa haifanani kabisa na mgonjwa, ongea na maabara kabla ya kuongea na ndugu. Damu isiyoganda vizuri huacha nyuzinyuzi zinazodanganya mashine, chembe nyekundu zilizopasuka huvuruga kipimo, na watu wachache wana kingamwili zinazoinasa troponini au kemikali za kipimo. Sampuli izungushwe upya, kisha ipimwe tena. Ikiwezekana, ipimwe kwa mashine ya aina nyingine.

Kwa hali yako

Amefika ndani ya saa 3 tangu maumivu yaanze: usimruhusu kwa kipimo kimoja, hata kiwe safi kiasi gani. Rudia kwa saa 3 kama kipimo kina usikivu mkubwa, au saa 6 kama hakina.

Ana figo mbovu au presha ya miaka, na namba ni makumi kadhaa: usianze dawa za kuzimua damu kwa karatasi moja ikiwa kipimo cha umeme wa moyo ni kile kile cha zamani na maumivu si ya kubana. Subiri ya pili. Ikikaa pale pale, andika namba hiyo kwa kalamu nzito kwenye kadi yake ya kliniki. Atakaporudi mwakani akiwa na 65, atakayekuwa zamu atajua pa kuanzia.

Amechelewa siku moja au zaidi na namba ni mamia au maelfu: usidanganywe na utulivu. Mtibu kwa dalili na kipimo cha umeme wa moyo, kisha pima kesho uone kama inashuka.

Una kaseti ya mstari tu: mstari ukitokea, chukulia kuwa kuna jeraha na mpange kumhamisha. Usipotokea, na hadithi yake ni ya moyo, mhamishe vile vile, na kwenye barua ya rufaa andika saa maumivu yalipoanza, saa damu ilipochukuliwa na jina la kipimo kilichotumika.